Dawa Moja, Vijiji Viwili: Historia ya Mkakati wa Kudhibiti Trakoma Nchini Tanzania tangu Miaka ya 1980

Ikisiri

Trakoma, ambayo katika maeneo mengi ya Tanzania huitwa ugonjwa wa vikope, ni maambukizi ya macho yanayoanza utotoni na kuleta upofu katika utu uzima. Makala hii inafuatilia namna mkakati wa kuudhibiti ugonjwa huo ulivyojengeka, kwa kutumia mifano miwili ya Tanzania: Wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma na Wilaya ya Rombo mkoani Kilimanjaro. Hoja kuu ni kwamba ugonjwa huu unakwenda kwa nyakati mbili zisizolingana. Maambukizi ya watoto hupanda na kushuka kwa miezi, ilhali makovu ya kope huendelea kwa miongo. Nguzo nne za mkakati, yaani upasuaji, dawa, usafi wa uso na uboreshaji wa mazingira, hazikubuniwa ili moja ichukue nafasi ya nyingine. Kila moja ilizaliwa pale ambapo nyingine ilifikia kikomo chake. Makala inahitimisha kwa kuonyesha maana ya historia hiyo kwa nchi za ukanda huu ambazo ama zimekwisha kutangazwa kuvuka viwango vya Shirika la Afya Duniani ama zinakaribia kuvivuka.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2004, jarida la tiba la New England lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa Kahe Mpya, kitongoji cha Wilaya ya Rombo. Wakazi wote waliostahili walikuwa wamepewa dozi moja ya azithromaisini, na miaka miwili baadaye bakteria wa trakoma walikuwa karibu kutoweka machoni mwao. Mwaka uliofuata, jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya kijiji cha Maindi, Wilaya ya Kongwa. Dawa ilikuwa ileile na utaratibu wa kuigawa ulikuwa unakaribiana. Huko maambukizi yalishuka sana, lakini hayakutoweka, na kabla ya miaka miwili kutimia dalili za kupanda tena zilikuwa zimeonekana.

Msomaji wa haraka anaweza kusema kwamba taarifa moja ni ya mafanikio na nyingine ni ya kushindwa. Usomaji huo ungewapotosha watunga sera. Ili kuelewa kwa nini dawa moja ilizaa matokeo mawili, ni lazima kwanza kueleza ugonjwa unavyoharibu jicho, kisha kurudi nyuma hadi miaka ya 1980, wakati ambapo azithromaisini ilikuwa bado haijaanza kutumiwa dhidi ya trakoma na tegemeo lilikuwa marhamu ya tetrasaiklini na maji ya kunawa uso.

2.0 Kutoka Kipele hadi Kovu

Trakoma husababishwa na bakteria aitwaye Klamidia trakomatisi. Mwaka 1907, Ludwig Halberstaedter na Stanislaus von Prowazek, waliokuwa wakifanya utafiti katika kisiwa cha Java, walieleza vijumbe walivyoviona ndani ya seli za macho yaliyoambukizwa. Ilichukua nusu karne hadi mwanasayansi wa Kichina, Tang Feifan, na wenzake walipofaulu kumkuza bakteria huyo katika mayai ya kuku. Ugumu huo ulitokana na maumbile ya bakteria mwenyewe: huishi na kuzaliana ndani ya seli za mwenyeji wake, na hawezi kukuzwa kama bakteria wengi wanavyokuzwa katika vyombo vya maabara.

Makazi yake ni utando laini unaofunika upande wa ndani wa kope. Mtoto aliyeambukizwa hutokwa na machozi na matongotongo, na mtaalamu akiligeuza kope la juu huona vinundu vidogo vyeupe au vya manjano juu ya utando uliowiva kwa wekundu. Kwa mujibu wa mfumo wa uainishaji uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1987, vinundu vitano au zaidi, kila kimoja kikiwa na upana usiopungua nusu milimita, vikionekana katikati ya utando wa kope la juu, vinatosha kumhesabu mtoto kuwa na trakoma hai. Mfumo huo ulikuwa na faida moja kubwa kwa nchi zenye madaktari bingwa wachache: muuguzi au tabibu wa wilaya angeweza kufunzwa kuutumia kwa kurunzi na miwani ya kukuzia.

Ambukizo moja halimpofushi mtu. Mwili hulishinda na vinundu hutoweka. Tatizo ni marudio. Bakteria husafiri kutoka jicho hadi jicho kupitia vidole, kanga na taulo zinazotumiwa na wengi, na nzi wanaofuata majimaji ya macho na pua. Mtoto anayelala na ndugu zake wenye maambukizi hupona leo na kuambukizwa tena baada ya wiki chache. Kila mara kinga ya mwili inapopigana na bakteria, uvimbe huacha uzi mwembamba wa kovu katika utando wa kope. Nyuzi hizo hujikusanya mwaka hadi mwaka, hata zikafanya mistari myeupe inayoonekana kwa macho.

Kovu lolote husinyaa. Kovu lililo upande wa ndani wa kope likisinyaa, huvuta ukingo wa kope kuelekea ndani, na nywele za kope zilizopaswa kutazama nje huanza kugusa jicho. Kuanzia hapo, kila mtu anapopepesa macho nywele hizo huikwaruza konea, yaani kioo angavu kilicho mbele ya mboni. Jambo hilo hutokea maelfu ya mara kwa siku. Konea iliyochubuka hushambuliwa kwa urahisi na vijidudu vingine, hupata vidonda, na vidonda vikipona huacha ukungu mweupe. Ukungu huo ukifunika mboni, mwanga haupiti tena. Uoni uliopotea kwa njia hiyo haurudi kwa dawa yoyote wala kwa kuzigeuza kope baadaye.

Mambo mawili ya mwenendo huu yanapaswa kukumbukwa katika sehemu zinazofuata. Kwanza, hifadhi kuu ya bakteria ni watoto wadogo, lakini wanaopofuka ni watu wazima. Pili, kati ya maambukizi na upofu kuna kipindi kirefu ambacho mtu anaweza kuwa hana tena bakteria hata mmoja, na bado kope lake likaendelea kujikunja.

3.0 Kongwa: Maji, Uso na Marhamu

Kongwa inajulikana zaidi katika vitabu vya historia kwa mradi wa karanga wa serikali ya kikoloni ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika miaka michache baadaye, ukame ukiwa miongoni mwa sababu zake. Nchi hiyohiyo kavu ya Ugogo, yenye mvua chache, mifugo mingi na visima vya mbali, ndiyo iliyokuja kuwa mojawapo ya maeneo yaliyochunguzwa zaidi duniani katika utafiti wa trakoma. Kuanzia miaka ya 1980, watafiti wa Kitanzania pamoja na kundi la Chuo Kikuu cha Johns Hopkins lililoongozwa na Sheila West, wakishirikiana na shirika la Helen Keller, walipima macho katika vijiji vya wilaya hiyo na kukuta zaidi ya nusu ya watoto wadogo wakiwa na trakoma hai.

Swali la kwanza lilikuwa la maji. Ilidhaniwa kwamba familia zenye maji mengi nyumbani zingekuwa na ugonjwa kidogo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989 hayakuunga mkono dhana hiyo moja kwa moja. Umbali wa kisima ulihusiana na ugonjwa, lakini kiasi cha maji yaliyofikishwa nyumbani kwa siku hakikuhusiana. Familia mbili zingeweza kuteka ndoo sawa, moja ikawaosha watoto nyuso na nyingine isiwaoshe. Kilichotofautiana ni mahali ambapo uso wa mtoto uliwekwa katika foleni ya mahitaji, baada ya kupika, kunywa, kunywesha ndama na kuosha vyombo.

Uchunguzi wa kijamii uliofuata ulionyesha kwa nini foleni hiyo haikubadilishwa kwa amri. Mama ndiye aliyeteka maji na ndiye aliyemtunza mtoto, lakini muda wake na matumizi ya maji yalitazamwa na mume, wakwe na majirani. Tena, wengi walikadiria kwamba kunawisha nyuso kunahitaji maji mengi kuliko inavyohitajika kweli. Kwa hiyo kampeni iliyobuniwa Kongwa haikuanza na mabango ya ugonjwa wa macho. Ilianza na mikutano ya wanaume na wanawake, ambamo chombo kidogo cha maji kiliwekwa mbele ya watu na nyuso za watoto zikaoshwa moja baada ya nyingine, ili wote waone maji machache yanatosha watoto wangapi.

Kampeni hiyo ilipimwa kwa jaribio lililochapishwa katika Lancet mwaka 1995. Vijiji sita viligawanywa katika jozi tatu. Vijiji vyote vilipewa marhamu ya tetrasaiklini, lakini katika kila jozi kijiji kimoja kiliongezewa kampeni ya kunawa uso. Watoto 1,417 wa umri wa mwaka mmoja hadi saba walifuatiliwa kwa mwaka mmoja. Katika vijiji vya kampeni, uwiano wa uwezekano wa mtoto kuwa na trakoma kali ulikuwa 0.62 ukilinganishwa na vijiji vya marhamu pekee. Matokeo hayo yalikuwa ya wastani, lakini yalikuwa na uzito, kwa kuwa trakoma kali ndiyo inayoacha makovu makubwa. Tena, watoto waliokutwa na uso safi katika ziara zaidi ya moja walikuwa na ugonjwa kidogo zaidi kuliko wale ambao usafi wao ulikuwa wa siku moja.

Jaribio hilo lilifundisha pia udhaifu wa marhamu. Marhamu hupakwa ndani ya jicho, huwasha, hutia ukungu kwa muda, na yanapaswa kurudiwa kila siku kwa wiki kadhaa. Mtoto hukimbia, mama huchoka, na dawa hubaki nusu katika kijitubu. Aidha, hayafiki puani na kooni, ambako bakteria anaweza kujificha na kurudi machoni. Palihitajika dawa ya kumezwa, tena mara moja.

4.0 Kuzaliwa kwa Mkakati wa Nguzo Nne

Dawa hiyo ilikuwa azithromaisini. Katika miaka ya 1990 majaribio ya Gambia, Misri na Tanzania yalionyesha kwamba dozi moja ya kumeza, kiasi cha miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, ingeweza kufanya kazi ya wiki nyingi za marhamu. Kwa kuwa mizani ni vigumu kuibeba kijiji hadi kijiji, watoto walipimwa urefu kwa fimbo yenye alama na kupewa dawa ya maji kwa kadiri ya alama hiyo. Watoto wa chini ya miezi sita waliendelea kupewa marhamu ya tetrasaiklini.

Katika kipindi hichohicho mbinu zilizokuwa zikitumiwa kila moja peke yake zilikusanywa chini ya jina moja, mkakati wa SAFE, ambalo herufi zake nne husimamia upasuaji, antibiotiki, usafi wa uso na uboreshaji wa mazingira. Mwaka 1998 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kutaka trakoma inayopofusha itokomezwe, na mwaka huohuo Wakfu wa Edna McConnell Clark na kampuni ya Pfizer, iliyotoa azithromaisini kama msaada, waliunda taasisi ya kimataifa ya kusimamia ugawaji wa dawa hiyo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tano za mwanzo kunufaika, pamoja na Moroko, Mali, Ghana na Vietnam.

Mpangilio wa herufi ulileta kutoelewana ambako athari zake zinaonekana hadi leo. Kwa kuwa dawa ilikuja bure na kwa shehena kubwa, na kwa kuwa vidonge vilivyogawanywa ni rahisi kuvihesabu, nguzo ya dawa ilikua haraka kuliko nyenzake. Ripoti za mwaka zilijaa idadi ya dozi. Nyuso zilizooshwa hazikuwa na stakabadhi.

5.0 Kahe Mpya na Maindi: Hesabu ya Vijiji Viwili

Ndipo unapokuja umuhimu wa kulinganisha vijiji viwili vilivyotajwa mwanzoni. Kahe Mpya ilikuwa na wakazi 978, na kati yao 956, yaani asilimia 97.8, walipata matibabu katika awamu ya kwanza. Kabla ya dawa, vipimo vya maabara vilionyesha maambukizi kwa asilimia 9.5 ya wakazi, sawa na watu wapatao 90. Miezi miwili baadaye ilibaki asilimia 2.1, yaani watu wapatao 20. Baada ya miezi 24 ilibaki asilimia 0.1, yaani mtu mmoja. Katikati ya kipindi hicho, waliokutwa na dalili za trakoma hai walipewa marhamu. Dozi ya pili kwa wote ilitolewa baada ya miaka miwili, na ufuatiliaji uliofanywa baadaye, hadi mwaka wa tano, ulionyesha kwamba maambukizi yalikuwa yametokomezwa.

Maindi ilikuwa na wakazi takriban elfu moja. Kabla ya dawa, asilimia 57 ya waliochunguzwa walikuwa na maambukizi. Miezi miwili baada ya dawa, kiwango kilikuwa asilimia 12. Kwa kipimo chochote cha tiba, anguko hilo ni kubwa. Hata hivyo, kijiji hicho baada ya kutibiwa kilikuwa na maambukizi mengi kuliko Kahe Mpya ilivyokuwa kabla ya kutibiwa. Katika kijiji cha watu elfu moja, asilimia 12 ni watu 120, waliotawanyika katika nyumba nyingi zenye watoto wanaolala kitanda kimoja na kufutwa uso kwa kanga moja. Hao walitosha kuiwasha tena cheche, na baada ya mwaka mmoja na nusu kiwango kilikuwa kimeanza kupanda.

Tofauti hiyo inaelezeka zaidi kwa mzigo wa mwanzo kuliko kwa uzembe wa wagawaji. Ni kweli kwamba dawa iliwafikia watu wengi zaidi Kahe Mpya. Lakini jaribio la baadaye katika jamii 32 za Kongwa, lililolinganisha kuwafikia asilimia 80 hadi 90 ya watoto na kuwafikia zaidi ya asilimia 90, halikukuta tofauti ya maana baada ya miaka mitatu. Kilichohitajika mahali penye mzigo mkubwa kilikuwa kurudia dawa kila mwaka kwa miaka kadhaa, huku kasi ya kuambukizana ikipunguzwa kwa njia nyingine.

Njia hiyo nyingine haikuwa rahisi kuithibitisha. Nzi walishukiwa kwa sababu nzuri, kwani aina inayopenda macho ya watoto huzaliana katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi. Kongwa ilipofanyiwa jaribio la kupulizia viuatilifu baada ya ugawaji wa azithromaisini, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2006, nzi walipungua, lakini trakoma haikupungua zaidi ya ilivyopungua katika vijiji visivyopuliziwa. Jaribio hilo halifuti umuhimu wa vyoo. Linaonyesha tu kwamba pale ambapo vidole na nguo za familia zinabeba bakteria kwa wingi, kumwondoa nzi peke yake hakutoshi. Uso wa mtoto unabaki kuwa mahali ambapo njia zote za maambukizi hukutana.

Miongozo ya sasa imeyachukua mafunzo hayo na kuyageuza kuwa ngazi. Wilaya yenye trakoma hai kwa asilimia 5 hadi chini ya 10 ya watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi tisa hupewa mzunguko mmoja wa dawa kabla ya kupimwa tena. Yenye asilimia 10 hadi chini ya 30 hupewa mizunguko mitatu ya kila mwaka. Yenye asilimia 30 au zaidi hupewa mitano. Kahe Mpya na Maindi zinaonekana katika ngazi hiyo kama vidato viwili tofauti.

6.0 Saa ya Pili: Wanawake na Kope Zilizogeuka

Hadi hapa historia imekuwa ya watoto na bakteria. Lakini lengo la awali lilikuwa kuzuia upofu, na upofu una saa yake. Utafiti wa Kongwa uliochapishwa mwaka 1999 uliwafuatilia wanawake kwa miaka saba. Kati ya waliokuwa na makovu ya kope mwanzoni, takriban mmoja kati ya kumi aligeukwa na nywele za kope katika kipindi hicho. Kati ya wasio na makovu, ni wachache mno. Wanawake hao walikuwa wamebeba makovu ya utoto wao. Hakuna kidonge ambacho kingeweza kuyafuta.

Kwamba kundi hilo lilikuwa la wanawake si jambo la bahati. Katika nchi nyingi zenye trakoma, wanawake hugeukwa na nywele za kope karibu mara mbili kuliko wanaume. Uchunguzi mwingine wa Kongwa, wa mwaka 1993, ulionyesha kwamba wanawake waliolea watoto wenye maambukizi walikuwa katika hatari zaidi ya kuwa na trakoma hai wao wenyewe. Msichana huambukizwa kama mtoto, kisha kama dada anayembeba mdogo wake, kisha kama mama, na mara nyingine kama bibi. Mvulana huachana na mnyororo huo mapema zaidi.

Mwanamke mwenye nywele zinazokwaruza jicho hangoji upofu ili ateseke. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta kwamba wanawake wa Kongwa walioathirika hivyo walishindwa kazi za kila siku hata pale ambapo uoni wao ulikuwa bado haujapungua. Jua la shambani na moshi wa mafiga huyafanya macho yafumbe. Wengi huzing'oa nywele hizo kwa kibano, na hupata nafuu ya wiki chache kabla hazijaota upya, fupi na ngumu.

Tiba yake ni upasuaji wa kusawazisha kope. Majaribio yaliyofanywa Oman na kuchapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalilinganisha mbinu kadhaa na kuonyesha ubora wa ile ya kukata kope lote sambamba na ukingo wake, kisha kuligeuza nje na kulishona katika mkao mpya. Upasuaji huo hufanywa kwa ganzi ya mahali, hauhitaji kulazwa, na unaweza kufanywa na tabibu au muuguzi aliyefunzwa katika kituo cha afya. Huondoa mkwaruzo na kuuhifadhi uoni uliosalia.

Vikomo vyake ni viwili. Cha kwanza ni kwamba wengi hawaufikii. Tafiti za Kongwa katika miaka ya 1990 zilionyesha kwamba hata pale upasuaji ulipotolewa bila malipo, ni wachache tu waliojitokeza. Nauli, mtu wa kumsindikiza mgonjwa, kazi zinazobaki nyumbani na hofu ya kisu viliwazuia. Mwanamke aliyezoea kibano huona tatizo lake kuwa la kung'oa nywele na haoni sababu ya kufika hospitali. Cha pili ni kurudi kwa tatizo. Makovu yakiendelea kusinyaa, au mpasuo ukiwa mfupi mno, au mishono ikiwa imelegea, nywele hugeuka tena. Jaribio la Ethiopia lililochapishwa mwaka 2006 lilionyesha kwamba dozi moja ya azithromaisini baada ya upasuaji ilipunguza kurudi huko kwa theluthi moja katika mwaka wa kwanza. Mpango wa upasuaji unaoripoti idadi ya waliopasuliwa bila kuwachunguza tena baada ya miezi kadhaa haujui kama umetibu au umeahirisha.

7.0 Maana kwa Ukanda

Shirika la Afya Duniani huitambua nchi kuwa imetokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii kwa kutazama saa zote mbili. Trakoma hai iwe chini ya asilimia 5 ya watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi tisa, na ibaki hivyo kwa miaka miwili bila ugawaji wa dawa kwa umma. Watu wenye nywele za kope zilizogeuka, ambao mfumo wa afya haujawatambua, wawe chini ya asilimia 0.2 ya wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Sharti la tatu ni kuwapo kwa mfumo wa kuwatafuta na kuwahudumia wagonjwa wapya. Oman ilikuwa nchi ya kwanza kutambuliwa, mwaka 2012. Malawi ilifuata mwaka 2022, na Burundi mwaka 2025.

Sharti la pili na la tatu yanastahili kusomwa kwa makini na wanaopanga bajeti. Chukua, kwa kielelezo, wilaya yenye wakazi 300,000, nusu yao wakiwa wa miaka 15 na zaidi. Asilimia 0.2 ya watu wazima 150,000 ni watu 300. Wilaya hiyo inaweza kukidhi kiwango kikamilifu na bado ikawa na karibu watu 300 ambao hawajatambuliwa na ambao kila kupepesa kwao ni jeraha. Juu ya hao, wapo wenye makovu ambao kope zao zitageuka katika miaka 10 au 20 ijayo. Mfadhili wa dawa huondoka pindi watoto wanapopona. Iwapo fedha za mafunzo ya wapasuaji na za safari za kuwatafuta wagonjwa zilikuwa zimefungwa ndani ya mradi wa dawa, zitaondoka pamoja naye, na saa ya pili itaendelea kwenda bila wa kuitazama.

Upande wa saa ya kwanza, mfano wa Maindi unazihusu hasa wilaya za wafugaji zilizo katika mpaka wa Kenya na Tanzania, ambako trakoma imechelewa kuisha. Familia huhama kufuata malisho na maji, na kalenda ya ugawaji wa dawa upande mmoja haiwangoji waliovuka upande wa pili. Mizunguko ya ziada ya dawa inaweza kuwa ya lazima huko. Lakini ikiwa historia ya Kongwa inafundisha jambo, ni kwamba swali la kuuliza pale kiwango kinapokataa kushuka si idadi ya mizunguko pekee. Ni mzigo ulikuwa kiasi gani mwanzoni, ni nani walioachwa kila mwaka, na uso wa mtoto umewekwa nafasi ya ngapi katika foleni ya maji.

8.0 Hitimisho

Kahe Mpya ilionyesha kwamba bakteria wa trakoma wanaweza kuondolewa katika jamii kwa dozi mbili, pale mzigo unapokuwa mdogo na dawa inapomfikia karibu kila mtu. Maindi ilionyesha kwamba dozi ileile, katika nchi kavu yenye mzigo mkubwa, hufungua tu mlango ambao usafi wa uso na matibabu ya kurudiwa ndivyo huuweka wazi. Wanawake wa Kongwa wenye makovu walionyesha kwamba ushindi juu ya bakteria haumfikii aliyekwisha kujeruhiwa. Wasichana waliokuwa na vinundu katika vijiji vya Kongwa miaka ya 1980 sasa wamefikia umri ambao kope hugeuka. Wilaya walimo inaweza kuwa imeacha kugawa dawa. Haipaswi kuwa imeacha kuwageuza kope na kuwatazama.